Kazi Yako Ndani ya Turnitin: Nani wa Kuombwa Aifute?

Mara nyingi mwanafunzi hukumbuka kuwa kazi yake imehifadhiwa mahali pale anapoirudisha kwa mara ya pili, na ripoti ikamwambia kuwa asilimia tisini na kitu imenakiliwa. Imenakiliwa kwa nani? Kwake mwenyewe, muhula uliopita. Hilo ni jambo dogo, mhadhiri hulimaliza kwa kuondoa chanzo hicho katika hesabu ya ripoti. Somo letu leo ni zito zaidi. Ndani ya kazi hiyo mna kitu ambacho hakikupasa kubaki huko, nawe unataka kitoke.

Tuchukue mfano. Dada mmoja anasoma historia katika chuo cha pwani ya Kenya. Wazee wake ni Wabajuni wa Chovai, waliovuka kwa madau mwaka 1991 vita vilipoingia Somalia, wakakaa kambi ya Jomvu nje ya Mombasa. Utafiti wake wa mwaka wa mwisho ni juu ya magofu ya Ngumi, kile kisiwa cha jirani na Chovai, kusini mwa Kismayu. Aliwahoji wazee sita juu ya yale wanayoyakumbuka kuhusu msikiti na makaburi ya huko. Wazee hawaelezi magofu peke yake. Walieleza pia nani alifukuzwa na nani, jahazi la nani lilibeba watu, na jamaa gani wamerudi na sasa wanaishi Kismayu. Aliwaahidi kuwa majina yao hayatatajwa, na katika sura za utafiti alitumia "Mzee wa Kwanza", "Mzee wa Pili". Lakini siku ya mwisho, saa tano usiku, alipakia faili zima. Viambatisho navyo vilikuwamo: fomu sita za ridhaa, kila moja na jina kamili, sahihi ya dole gumba na namba ya simu.

Usimcheke. Kosa hili ni la kawaida kuliko yote, kwa sababu kamati za maadili hudai fomu ziambatishwe na mfumo wa kupokea kazi hudai faili moja.

Kwanza tujue kazi hiyo iko wapi. Mhadhiri anapofungua zoezi katika Turnitin, kuna mahali panapoandikwa `Submit papers to`. Akichagua `Standard paper repository`, kazi huingia katika hazina ya jumla, na kazi za vyuo vingine duniani hulinganishwa nayo. Akichagua `Institution paper repository`, chuo kikiwa na huduma hiyo, hulinganishwa na kazi za chuo hicho tu. Akichagua `No repository`, kazi hukaguliwa lakini haiwekwi katika hazina. Uchaguzi huo ni wa mhadhiri au wa chuo, nao hufanyika kabla hujapakia chochote. Ndiyo maana swali la kumuuliza mhadhiri mwanzoni mwa muhula ni fupi tu: kazi hii inakwenda hazina gani?

Kuwa katika hazina si kuchapishwa. Mwanafunzi wa Kampala hawezi kufungua utafiti wa dada yetu akausoma. Kinachoonekana ni pale kazi yake inapofanana na ya dada yetu: mhadhiri wa Kampala ataona kuwa sehemu ile inalingana na kazi ya mwanafunzi wa chuo fulani. Akitaka kuiona yenyewe, lazima aombe, na ombi humfikia mhadhiri wa darasa lililoipokea. Kwa hiyo hatari ipo, ila ina kiasi chake. Ukiandika ombi lako kana kwamba namba za wazee zimebandikwa sokoni, msajili hatakuamini.

Sasa, nani wa kuombwa? Hapa ndipo wengi hupoteza miezi. Mwanafunzi huiandikia kampuni, na kampuni humjibu kuwa aende chuoni, kwa kuwa haifuti kazi kwa maombi ya mwanafunzi bali kwa maombi ya taasisi. Jibu hilo linaudhi, lakini lina msingi wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inatenganisha mdhibiti wa data, anayeamua data ikusanywe kwa lengo gani na kwa njia gani, na mchakataji, anayeishughulikia kwa niaba yake. Katika jambo letu chuo ndicho kilichoamua. Kampuni inafanya kazi ya chuo. Basi mlango wa kubisha ni wa chuo, na kifungu cha 40 kinakitaka chuo kilichompa mtu wa tatu data aichakate kichukue hatua za kumjulisha kuwa mwenyewe ameomba ifutwe.

Kifungu hicho hakikupi haki ya kufuta kila unachojutia. Data hufutwa ikiwa mdhibiti hana tena idhini ya kuishika, au haihusiki, au imezidi kiasi kinachohitajika, au ilipatikana kinyume cha sheria. Chuo kina hoja yake, nayo si ya kubeza: utafiti wa dada yetu ukifutwa wote, mwanafunzi wa mwakani anaweza kuupata kwa rafiki, akabadilisha jina na kuupeleka kama wake, na mtambo usione kitu. Akisema "ni kazi yangu, naitaka itoke", atashindwa. Akisema kuwa fomu za ridhaa na namba za simu hazina kazi yoyote katika kukagua wizi wa maandishi, amegusa neno "imezidi" lenyewe. Hapo chuo ndicho kitakachotafuta cha kujibu.

Je, si mali yake kwa hakimiliki? Ni mali yake, maana mwanafunzi si mwajiriwa wa chuo, labda awe amesaini kanuni zinazosema vinginevyo. Lakini njia hiyo ilijaribiwa Marekani ikafungwa. Wanafunzi wanne wa sekondari, wengine wa Virginia na wengine wa Arizona, waliishtaki iParadigms, kampuni iliyokuwa ikimiliki Turnitin, kwa kuhifadhi kazi zao bila ridhaa. Walishindwa mwaka 2008, na mwaka 2009 mahakama ya rufaa ikakubali kuwa kuhifadhi huko ni matumizi halali, kwa sababu kampuni haikuzitumia kazi zile kama maandishi ya kusomwa bali kama kitu cha kulinganishia. Hukumu hiyo haiifungi mahakama ya Mombasa, lakini inaonyesha hoja ya hakimiliki inavyovunjika.

Njia ya data ina nguvu zaidi, na kwa hilo tuna kesi ya Ulaya. Bwana Peter Nowak, mwanafunzi wa uhasibu wa Ireland, alidai apewe karatasi yake ya mtihani akakataliwa kwa hoja kuwa si data binafsi. Tarehe 20 Desemba 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa majibu ya mtahiniwa, pamoja na maoni ya msahihishaji, ni data binafsi ya mtahiniwa. Sheria ya Kenya imefuata sana mfano wa Ulaya, kwa hiyo hoja hii inafaa kutajwa, japo hailazimishi.

Kuna jambo jingine ambalo mimi naona ndilo zito kuliko yote. Namba za simu si data za dada yetu. Ni za wazee. Ni wao wenye haki ya kudai, na yeye ndiye aliyebeba amana yao. Barua yake peke yake inaweza kujibiwa kuwa "wewe si mhusika". Basi aende kwa wazee, awaeleze kilichotokea bila kuficha, na angalau mmoja wao aweke sahihi au dole gumba kwenye barua. Kwenda huko ni kugumu kuliko kuandika barua, najua. Lakini wazee wana haki ya kujua hata kama chuo kitakataa.

Kabla ya kuandika, afungue risiti aliyopewa alipopakia, atafute `Submission ID`. Kila upakiaji una namba yake. Kama alipeleka rasimu mwezi Machi na kazi kamili mwezi Juni katika zoezi jingine, ni namba mbili, na kufutwa moja hakugusi nyingine. Barua aipeleke kwa afisa wa ulinzi wa data wa chuo, au msajili wa taaluma kama afisa huyo hayupo, na nakala kwa msimamizi wake. Iwe hivi:

"Mimi, mwanafunzi wa namba ya usajili iliyo hapo juu, pamoja na mzee aliyeweka sahihi hapa chini, tunaomba chini ya kifungu cha 40 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kufutwa kabisa katika hazina ya Turnitin kwa kazi zenye namba zifuatazo. Kazi hizo zina majina na namba za simu za watu sita walioahidiwa siri, ambazo hazihitajiki katika ukaguzi. Naambatisha nakala isiyo na viambatisho, na nakubali ihifadhiwe badala yake. Matokeo yangu yamekwisha kuthibitishwa."

Sentensi mbili za mwisho ndizo zinazofungua mlango. Ya kwanza inaiondoa ile hoja ya chuo kuhusu mwanafunzi wa mwakani. Ya pili inahusu alama: kufuta kabisa hakurudishwi, na ripoti na maoni ya mhadhiri huenda pamoja na kazi. Chuo hakitafuta kabla matokeo hayajapitishwa, wala wewe usitake kifute. Hifadhi kwanza ripoti yako na risiti.

Chini ya Kanuni za Jumla za 2021, ombi la kufuta hujibiwa ndani ya siku 14. Likikataliwa au likinyamaziwa, malalamiko huenda kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye sheria inampa siku 90 kuyachunguza na kuyamaliza. Ndugu zetu walioko Tanzania wana sheria yao ya 2022, na Somalia ina ya 2023. Msisitumie vifungu vya Kenya huko.

Mwisho ni kuhakikisha. Kosa linalotokea mara nyingi ni mhadhiri kuiondoa kazi katika orodha ya darasa lake na kudhani imekwisha. Hapo imetoka machoni pake tu, hazinani bado ipo. Ufutaji wa kweli huanza na ombi la mhadhiri au chuo ndani ya mfumo, na msimamizi wa akaunti ya chuo akaidhinisha. Ukiambiwa "imefutwa", mwombe mhadhiri afungue zoezi la majaribio lenye `No repository`, mpakie kurasa tatu nne za utafiti zisizo na jina la mtu, kisha msome ripoti. Ikionyesha bado kuwa kurasa hizo zinalingana na kazi ya mwanafunzi wa chuo chenu ya tarehe uliyopakia wewe, haijafutwa. Jaribio hili lifanyike kabla ile nakala safi haijaingizwa, la sivyo mtaona mlingano wa nakala mpya na kudhani ni wa zamani. Na lisifanywe katika zoezi la kawaida, kwa kuwa mtakuwa mmeweka nakala nyingine mle mle mlimotaka kuitoa.

Kama chuo kimeiweka tasnifu pia katika maktaba yake ya mtandaoni, huko ni kwingine. Msimamizi wa maktaba aandikiwe barua yake mwenyewe, na hiyo itangulie, kwa sababu huko faili husomwa na yeyote.