Soma Namba Kabla ya Kulipa: Vipimo vya Nguo Zinazoagizwa Mtandaoni
Kijitabu cha elimu kwa wanunuzi na mawakala wa Juba

Kijitabu hiki ni cha nani

Nguo nyingi zinazoagizwa kwa simu hapa Juba huanza na picha ya skrini. Mteja anaona gauni kwenye duka la mtandaoni la Uchina, anaipiga picha skrini, anamtumia wakala kwa WhatsApp. Wakala anatafsiri maelezo, mteja analipa, na mzigo unakuja, mara nyingi kupitia Kampala, Elegu na Nimule. Kutoka Nimule hadi Juba peke yake ni kilomita 192. Nguo isiyomtosha mtu hairudi kirahisi safari yote hiyo, kwa hiyo kosa la saizi linabaki kuwa hasara ya mteja au ya wakala.

Kosa lenyewe mara nyingi si la duka. Maneno yametafsiriwa, namba zikaachwa kama zilivyo. Kijitabu hiki kinaeleza namna ya kutafsiri vyote viwili.

Piga picha ya jedwali zima

Picha ya gauni na bei haitoshi. Teremsha ukurasa hadi kwenye jedwali la saizi, na upige picha pamoja na maandishi madogo yaliyo juu na chini yake. Hapo ndipo kipimo kinapotajwa kuwa ni sentimita au inchi, na kama ni cha mwili au cha nguo. Picha iliyokatwa ikibaki na namba tupu, wakala analazimika kukisia.

Kwenye jedwali la Kichina, maneno haya yanatosha kuanzia:

- 胸围: mzunguko wa kifua
- 腰围: mzunguko wa kiuno
- 臀围: mzunguko wa hipsi
- 衣长: urefu wa nguo
- 体重: uzito wa mvaaji
- 斤: jini, kipimo cha uzito cha Kichina
- 均码: saizi moja tu kwa wote
- 无弹: kitambaa hakivutiki
- 微弹: kitambaa kinavutika kidogo

Maswali matatu ya kuiuliza kila namba

*La kwanza: ni kipimo cha mwili au cha nguo?* Maduka mengine huonyesha vyote viwili. Kwa Kiingereza utaona `Body Measurements` kwa mwili na `Product Measurements` kwa nguo. Kama ni cha mwili, linganisha moja kwa moja na mwili wako. Kama ni cha nguo, lazima nguo iuzidi mwili, la sivyo hutaweza kukaa wala kuinua mikono. Kwa gauni la kitambaa kisichovutika, acha nafasi ya sentimita 4 hadi 6 kifuani na kwenye hipsi.

*La pili: ni mzunguko au ni upana wa nguo iliyolazwa mezani?* Ukiona kifua cha mtu mzima kimeandikwa 50 au 53 kwa sentimita, nguo imepimwa ikiwa imelazwa, kutoka kwapa hadi kwapa. Zidisha kwa mbili: 53 inakuwa 106. Maneno 平铺 kwenye jedwali yanathibitisha hilo.

*La tatu: ni kizio gani?* Inchi moja ni sentimita 2.54. Kifua cha inchi 38 ni sentimita 96.5. Usikifanye 95 wala 100 ili kiwe rahisi kukumbuka, maana saizi mbili zinazofuatana mara nyingi hupishana sentimita 4 tu.

Uzito wa jini si kilo

Majedwali mengi ya Kichina hupendekeza saizi kwa uzito wa mvaaji, na uzito huo huandikwa kwa jini. Jini moja ni gramu 500, yaani nusu kilo. Saizi iliyoandikwa 120–130斤 ni ya mtu wa kilo 60 hadi 65. Anayesoma namba hiyo kama kilo ataagiza nguo ndogo mno. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuiona: ukikuta saizi ya S imependekezwa kwa mtu wa "kilo 90", hizo si kilo.

Mfano: gauni moja, hatua kwa hatua

Tuchukue mteja mwenye kifua cha sentimita 100, kiuno 84, hipsi 108 na uzito wa kilo 72. Ameona gauni la pamba lisilovutika. Nguo anazonunua Konyo Konyo huwa ni L. Jedwali linasema vipimo ni vya nguo, ni mzunguko, kwa sentimita:

| Saizi | Kifua | Kiuno | Hipsi | Urefu | Uzito |
|---|---|---|---|---|---|
| L | 98 | 82 | 104 | 119 | 110–120斤 |
| XL | 102 | 86 | 108 | 120 | 120–130斤 |
| 2XL | 106 | 90 | 112 | 121 | 130–140斤 |
| 3XL | 110 | 94 | 116 | 122 | 140–150斤 |

L ni ndogo kuliko mwili wake. XL ina hipsi 108 sawa na zake, kwa hiyo itambana akikaa. 2XL inamwachia sentimita 6 kifuani na 4 kwenye hipsi, na inaonekana kumfaa. Lakini chini ya jedwali pameandikwa kwamba nguo zimepimwa kwa mkono na zinaweza kutofautiana kwa sentimita 1 hadi 3 (neno la kutafuta ni 误差). Hipsi za 2XL zikija na 110 badala ya 112, nafasi inabaki sentimita 2.

Sasa tuangalie uzito. Kilo 72 ni jini 144, nazo zinaangukia kwenye 3XL. Vipimo na uzito vinaelekea upande mmoja, kwa hiyo tunaagiza 3XL. Kiuno kitakuwa kipana, lakini fundi anaweza kukipunguza. Kuongeza hipsi ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu nguo za kiwandani huachwa na kitambaa kidogo sana kwenye mshono.

Urefu nao tusiusahau. Maelezo yakisema gauni linafika katikati ya muundi, tafuta urefu wa mwanamitindo, ambao mara nyingi huandikwa kando ya picha. Gauni la sentimita 122 linalomfika hapo mtu wa sentimita 165 litaishia juu zaidi kwa mtu wa sentimita 180. Pima kutoka begani hadi unapotaka gauni liishie, kisha linganisha.

Namna ya kumwandikia mteja

Usimwandikie "3XL" peke yake. Acha namba ya asili ibaki kando ya iliyogeuzwa, ili kosa likiwepo lionekane:

> Gauni, saizi 3XL. Vipimo ni vya nguo, si vya mwili. Kifua sm 110 (inchi 43.3), kiuno sm 94 (inchi 37), hipsi sm 116 (inchi 45.7), urefu sm 122 (inchi 48). Uzito unaopendekezwa: jini 140–150 (kilo 70–75). Kitambaa hakivutiki. Inaweza kutofautiana sm 1–3. Vipimo vyako nilivyonavyo: 100, 84, 108. Je, ni sahihi?

Mteja naye achukue tepu ya fundi, ajipime upya siku hiyo hiyo, kisha ndipo athibitishe. Tepu ipite juu ya nguo nyepesi, ilale sawa mbele na nyuma, na isikazwe. Hipsi hupimwa mahali palipo pana zaidi, si mfupa wa kiuno unapoishia. Namba za mteja zikitofautiana na zile za kwenye ujumbe, wakala arudi kwenye jedwali kabla ya kupokea fedha.