Magunia Kumi kwa Miezi Kumi na Miwili

Katika nchi ya Kasongo na Kabambare, mpunga ni feza ya mkulima. Wafanyabiashara waliotoka pwani ya Unguja waliuleta huko Maniema katika karne ya 19, siku Tippu Tip alipokuwa na makao yake Kasongo. Tangu siku zile watu hawakuacha kuulima. Muhogo ndio chakula cha kila siku. Mpunga huliwa pia, lakini zaidi huuzwa.

Mpunga una shida yake. Hupandwa mvua zinapoanza, mwezi wa Septemba na Oktoba, nao huvunwa mwezi wa Januari na Februari. Mwalimu na karani hupata mshahara kila mwezi. Mkulima hupata wake mara moja, wote pamoja, halafu hungoja mwaka mzima. Lakini chumvi, sabuni na dawa hazingoji mavuno.

Mfano huu ni wa mkulima mmoja wa upande wa Kabambare. Ana mke na watoto watano. Shamba lake ni la hektari moja, na katika mwaka mzuri humpa kilo 1000 za mpunga mkavu, ndiyo magunia 10 ya kilo 100. Bei za hapa ni za mfano tu, ili hesabu iwe nyepesi. Mwezi wa Februari, watu wote wanapouza, gunia moja ni franka 50.000. Mwezi wa Julai ni franka 65.000. Mwezi wa Septemba, ghala nyingi zikiwa tupu, ni franka 80.000.

Namna ya zamani

Zamani mkulima huyo aliuza karibu magunia yote mwezi wa Februari. Nyumba ilijaa furaha. Alinunua nguo, alikaribisha ndugu, akatengeneza baiskeli. Pasaka ilipopita, mfuko ulikuwa mtupu.

Septemba shule zilifunguliwa. Tangu mwaka 2019 masomo ya shule za msingi za serikali, pamoja na zile za Kanisa zilizo chini ya mapatano na serikali, ni bure. Lakini mtoto wake wa kwanza alikuwa katika shule ya sekondari, na huko feza hulipwa. Tena ulikuwa wakati wa kupanda, naye alikuwa amekwisha kuuza hata mbegu. Akaenda kwa mchuuzi.

Mchuuzi akampa franka 100.000, akasema: «Sitaki feza. Utanilipa magunia manne ya mpunga wakati wa mavuno.» Mkulima akafurahi, kwa kuwa mpunga ulikuwa bado shambani, na kitu ambacho bado hakijaingia nyumbani huonekana chepesi kutoa.

Na sasa hesabu. Mwezi wa Februari magunia manne ni franka 200.000. Kwa hiyo alichukua franka 100.000, akarudisha 200.000 baada ya miezi mitano. Tena magunia yale manne hayakuwa yake wakati wa kuvuna. Alibaki na sita, na mwaka uliofuata alikopa mapema zaidi. Hiyo ndiyo alama ya kujua kwamba mtu amenaswa: kila mwaka siku ya kukopa inasogea karibu na siku ya mavuno.

Kuhesabu kwanza, kuuza baadaye

Jioni moja mama wa watoto alisema: «Baba, tusihesabu feza tuliyo nayo. Tuhesabu feza itakayotakiwa, na mwezi itakapotakiwa.» Wakachukua daftari la shule, wakaandika miezi 12, toka Februari mpaka Januari, na mbele ya kila mwezi gharama yake. Walipata hivi:

Chumvi, sabuni, mafuta na dawa: franka 10.000 kila mwezi, kwa mwaka 120.000.
Majembe na panga, Julai: 20.000.
Watu wa kusaidia kufyeka shamba, Julai na Agosti: 50.000.
Shule, Septemba: 60.000, na Januari: 30.000.
Watu wa kusaidia kupalilia, Novemba: 30.000.
Nguo na karamu ya Noeli: 30.000.
Jumla: franka 340.000.

Walipotazama daftari waliona jambo ambalo hawakuliona mbele. Gharama kubwa zinaanza Julai, na feza yao ilikuwa inakwisha Aprili.

Kisha waligawanya magunia kabla ya kuuza hata moja. Nusu gunia ni mbegu, kwa maana hektari moja ya mpunga wa mvua huhitaji karibu kilo 50. Mbegu hiyo ilifungwa na kuwekwa peke yake, isiguswe. Gunia moja na nusu ni la kuliwa nyumbani. Hayo ni magunia mawili ambayo si ya soko.

Mwaka wa kwanza

Deni halikufutwa kwa sababu ya daftari. Katika magunia 10, mchuuzi alichukua manne yake. Mawili ya mbegu na chakula yalitengwa. Yakabaki manne. Waliuza mawili Februari, wakapata 100.000, na mawili waliyangojesha mpaka Septemba, wakapata 160.000. Jumla ni 260.000. Lakini gharama ni 340.000. Ilipungua 80.000.

Hapo walichagua. Karamu ya Noeli na nguo mpya, 30.000, waliziacha. Watu wa kufyeka, 50.000, waliwaacha pia. Badala yake jirani watano walipatana kufyeka kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Mwezi wa Januari feza ya mwisho ililipwa shuleni, na mkononi hakikubaki kitu. Tena katika mwaka ule hawakuwa na akiba hata kidogo: ugonjwa mmoja mkubwa ungaliwarudisha kwa mchuuzi. Lakini Oktoba ilipita bila kukopa, na mavuno yaliyofuata yakawa yao yote.

Mwaka wa pili

Sasa magunia yalikuwa 10, na deni hakuna. Mawili yakatengwa kama kwanza. Nane yakabaki, nayo yakapangwa hivi: matatu kuuzwa Februari, mawili Julai, mawili Septemba, na moja la akiba, lisiuzwe ila kwa ugonjwa au msiba.

Februari waliingiza 150.000. Papo hapo walinunua mbegu za karanga kwa 50.000, kwa kuwa karanga hupandwa Februari na Machi, zikavunwa Mei na Juni. Matumizi ya nyumba toka Februari mpaka Juni yalichukua 50.000, ikabaki 50.000. Julai magunia mawili yalileta 130.000, na Septemba mawili mengine 160.000. Gharama zote za daftari zililipwa, pamoja na karamu ya Noeli. Mwisho wa Januari mkononi mlikuwa na franka 50.000, na gunia la akiba lilikuwa zima.

Atakayetazama vizuri ataona kwamba feza ya kuvuna karanga haimo katika hesabu hiyo. Waliiacha nje kwa makusudi. Karanga zinaweza kuharibiwa na mvua nyingi au na magonjwa ya majani. Kama zingalikufa zote, wangalipoteza 50.000, lakini mtoto angalibaki shuleni na shamba lingalipandwa. Ndiyo sheria yao: feza ya kuzalisha ni ile ambayo ikipotea watu wa nyumbani hawalali njaa. Feza ya mbegu, ya chakula na ya shule haitiwi katika bahati.

Karanga zilipofaa, feza yake haikuchanganywa na feza ya nyumba. Walinunua mbuzi jike. Mbuzi huchukua mimba miezi mitano, na mtoto wake anaweza kuuzwa wakati mpunga ungali shambani. Hivyo mavuno yalianza kuja zaidi ya mara moja kwa mwaka.

Ghala

Kungoja bei kuna faida ikiwa mpunga haupotei. Akiba haiozi, walisema wazee; lakini mpunga wenye maji huoza. Mkulima aliuanika siku kadhaa juu ya mikeka, kisha akauma punje. Punje ikivunjika kwa mlio, ni kavu. Ikibonyea chini ya jino, irudi juani. Magunia yaliwekwa juu ya miti, mbali na udongo na mbali na ukuta, ili unyevu usipande na panya wasijifiche. Kila majuma mawili aliingiza mkono katikati ya gunia. Akisikia joto, au akiona vumbi la wadudu, gunia hilo lilitolewa na kuanikwa siku ile ile, au likauzwa kwanza.

Kungoja kuna hatari nyingine pia. Katika mwaka wa mavuno mengi, au mchele wa mbali ukifika kwa wingi sokoni, bei haipandi sana. Tena katika sehemu za Kabambare watu wamelazimika mara kwa mara kukimbia vijiji vyao kwa ajili ya vita, na gunia halikimbii. Kwa hiyo mkulima hakungojesha yote: aliuza sehemu tatu kwa nyakati tatu, na ghala lake aliligawa katika nyumba mbili. Lakini feza nyingi ya karatasi hakuiweka chini ya kitanda, kwa kuwa thamani ya franka inaweza kupungua, na feza iliyo karibu huombwa na kila mgeni.

Yosefu katika nchi ya Misri alitenga sehemu moja ya tano ya mavuno katika miaka ya shibe, naye aliitenga wakati ghala zilikuwa zimejaa. Mkulima wa Kabambare naye hugawanya magunia yake Februari, siku ile ile yanapoingia nyumbani. Aprili ingalikuwa amechelewa.

Maswali

1. Kwa nini feza hupungua nyumbani kwa mkulima wa mpunga mwezi wa Septemba?
2. Mchuuzi alitoa franka 100.000, akalipwa magunia manne. Gunia likiwa franka 60.000 siku ya kulipa, faida yake ni kiasi gani?
3. Katika mwaka wa kwanza mkulima aliacha nini, na kwa nini hakugusa mbegu?
4. Kama magunia nane ya mwaka wa pili yangaliuzwa yote Februari, yangaleta franka ngapi? Na matatu ya Februari, mawili ya Julai, mawili ya Septemba, pamoja na lile la akiba kwa bei ya Septemba, huleta ngapi?
5. Andika katika daftari lako miezi 12 ya nyumba ya kwenu. Waulize wazazi ni mwezi gani feza inaingia, na mwezi gani inatakiwa zaidi.