Neno "Funga" katika Karatasi ya Usalama Kiwandani: Tatizo la Istilahi katika Matini ya Lugha Tatu

Utangulizi

Makala haya yanachunguza jinsi istilahi zinavyoweza kudumishwa bila kubadilikabadilika katika karatasi ya maelekezo ya usalama iandikwayo kwa lugha zaidi ya moja. Mfano wetu ni mashine ya CTC, ile isagayo majani ya chai katika viwanda vya Kenya, Rwanda na Burundi. Mashine hii ina rola mbili nzito zenye meno, zinazozunguka kuelekeana, moja ikienda kasi takriban mara kumi ya mwenzake. Majani yanapokwama, mfanyakazi hulazimika kuondoa kifuniko na kutia mkono mahali pale pale ambapo meno hupita. Tuchukulie kwamba karatasi inatakiwa kwa Kiingereza, Kiswahili na Kifaransa, ibandikwe kando ya mashine.

Sisi tuliolelewa katika fasihi tumefundishwa kuepuka kurudia neno. Mwalimu wa insha huliwekea alama nyekundu. Katika karatasi hii mazoea hayo ni hatari, kwa kuwa msomaji akikutana na neno jipya atadhani ametajiwa kitu kipya.

Matini yenye kasoro

Tazama tafsiri hii, ambayo nimeitunga kwa kufuata makosa yanayotokea mara kwa mara:

"Funga mashine. Kata umeme. Ifunge kwa kufuli na uweke lebo. Ngoja isimame kabla ya kuifungua."

Kisarufi haina dosari. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeisahihisha na kuipa alama zote. Lakini hebu tulifuate neno "funga". Fundi aliyeajiriwa kusimika mitambo husema "kufunga mashine" akimaanisha kuisimika sakafuni. Nyumbani tunafunga redio, yaani tunaizima. Tunafunga mlango, tunafunga mzigo, tunafunga kwa kufuli. Katika matini yetu kitenzi hiki kimebeba dhana mbili zilizo mbali sana: kusimamisha mashine na kutia kufuli. Neno "kuifungua" mwishoni nalo laweza kueleweka kuwa ni kuondoa kifuniko, kuondoa kufuli, au hata kuwasha.

"Kata umeme" ni mtego mwingine. Umeme unapopotea mtaani tunasema umekatika. Mfanyakazi aliyekuta umeme umekatika ataona hatua ya pili imekwisha kutekelezwa bila yeye kugusa chochote. Umeme ukirudi, na mwenzake wa zamu akabonyeza kitufe cha kuwasha, rola zitazunguka mkono ukiwa ndani. Maelekezo yamefuatwa neno kwa neno, na mtu ameumia.

Kasoro ya tatu imo katika ngeli, na nionavyo ndiyo inayosahaulika zaidi. Maneno mengi ya mkopo huingia ngeli ya I-ZI: mashine, swichi, rola, lebo, vali. Kwa hiyo kiambishi "-i-" katika "ifunge" chaweza kurejelea mashine au swichi kuu, na kufuli likitiwa kwenye mlango wa mashine badala ya swichi, halizuii umeme. Mfasiri wa Kiingereza hukabili utata kama huo katika kiwakilishi chake, lakini sisi tunaudhania umetatuliwa kwa kuwa Kiswahili kina upatanisho wa ngeli. Upatanisho husaidia pale tu vitu vinapokuwa katika ngeli tofauti. Kufuli (LI-YA), ufunguo (U-ZI) na kitufe (KI-VI) havichanganyiki. Mashine na swichi huchanganyika daima, hivyo nomino sharti irudiwe katika kila hatua.

Kuanza na dhana

Eugen Wüster (1898–1977), mhandisi wa Austria aliyeweka misingi ya nadharia ya istilahi, alisisitiza kwamba kazi huanza na dhana, kisha ndipo neno litafutwe. Mfano wa Kifaransa unaonyesha sababu. Kifaransa cha viwandani kina nomino moja inayobeba mchakato mzima: kutenga mashine na umeme, kutia kufuli, kuondoa nishati iliyobaki na kuhakiki. Kiingereza hutumia jina linalotaja kufuli na lebo tu. Mfasiri wa Kifaransa akiitumia nomino hiyo katika hatua ya kutia kufuli peke yake, msomaji wake atadhani ameagizwa yote manne kwa mpigo. Kwa hiyo kabla ya kufasiri, hutengenezwa orodha ya dhana, na kila dhana huandikiwa fasili, neno moja kwa kila lugha, na maneno yaliyokataliwa. Kwa Kiswahili, dhana moja itakuwa hivi:

Tenga: kuondoa mashine kwenye umeme kwa swichi kuu, hata isiweze kuanza mtu akibonyeza kitufe cha kuwasha. Yaliyokataliwa: funga, zima, kata umeme.

Sidai kwamba "tenga" ni neno kamilifu. Kwa wengi maana yake ya kwanza ni kuweka kando. Ndiyo maana kila litumiwapo huandamana na kitendo kinachoonekana. Tahadhari nyingine: tusishawishike kuunda "tengua" kwa kufuata funga na fungua, kwani "tengua" lina maana zake. Kinyume chake katika orodha yetu ni "rudisha umeme". Neno "funga" tumeliondoa kabisa. Matokeo ni haya:

1. Simamisha mashine: bonyeza kitufe chekundu.
2. Tenga mashine na umeme: zungusha swichi kuu hadi alama ya O.
3. Tia kufuli lako kwenye swichi kuu. Kaa na ufunguo mwenyewe.
4. Tundika lebo yenye jina lako kwenye swichi kuu.
5. Ngoja hadi rola zote mbili zisimame kabisa.
6. Bonyeza kitufe cha kuwasha. Mashine ikianza, usiiguse. Mwite fundi wa umeme.
7. Mashine isipoanza, ondoa kifuniko.

Hatua ya 1 na ya 2 zimetenganishwa kwa makusudi. Kitufe chekundu husimamisha rola tu, na mtu mwingine aweza kuiwasha mashine tena. Hatua ya 5 ipo kwa sababu rola nzito huendelea kuzunguka baada ya umeme kuondolewa.

Kuhakiki

Desturi ya kufasiri upya kurudi lugha chanzi haitoshi hapa. Anayerudisha "funga mashine" kwa Kiingereza huchagua maana anayoijua tayari, na kosa hujificha. Hesabu husaidia zaidi: kufuli likitajwa mara moja katika matini moja na mara tatu katika nyingine, sababu itafutwe. Kwa Kiswahili tafuta mzizi, si neno zima, maana "funga" hujificha ndani ya "ikifungwa" na "ameifunga". Tafuta "fung" kisha uyaache yasiyohusika, kama vile "ufunguo".

Baada ya hapo karatasi isomwe kando ya mashine iliyokwisha kutengwa na kutiwa kufuli, mfanyakazi aonyeshe kwa kidole kila kitu kinachotajwa, bila kusaidiwa. Kidole kikielekea kitufe chekundu pale aliposomewa "tenga", neno au maelezo yake yabadilishwe, kwanza katika orodha ya dhana, kisha katika karatasi zote tatu siku hiyo hiyo, na namba ya toleo chini ya kila karatasi iongezwe.