KUTOKA REJISTA YA VIHATARISHI HADI MUHTASARI WA KAMATI

Kihatarishi ni jambo linaloweza kutokea na kuikwamisha huduma. Idara za Halmashauri huorodhesha mambo hayo katika rejista yenye safu nyingi. Kwa kuwa kamati haina muda wa kuisoma yote, huandaliwa muhtasari wa ukurasa mmoja. Kihatarishi kinachoachwa nje ya ukurasa huo huenda kisijadiliwe kabisa.

Alama ya kihatarishi hupatikana kwa kuzidisha uwezekano wa kutokea, kuanzia 1 hadi 5, kwa ukubwa wa athari, pia 1 hadi 5. Rejista huwa na alama mbili: ya awali, kabla ya udhibiti wowote, na iliyobaki baada ya udhibiti uliopo. Kinachopaswa kuongoza mpangilio wa muhtasari ni alama iliyobaki.

Tuchukue mfano wa vihatarishi vitatu. Dawa kuisha zahanati: awali 20, iliyobaki 15. Makusanyo kuchelewa kupelekwa benki: awali 16, iliyobaki 8. Choo cha shule kutitia: awali 12, iliyobaki 7.

Iwapo kamati itapelekewa viwili vya juu, choo kitaachwa. Lakini mwandaaji makini hukagua hesabu. Katika safu za choo, uwezekano ni 3 na athari ni 4, kabla na baada ya udhibiti, maana hakuna kilichofanyika. Mara tatu nne ni 12. Aliyeandika 7 alijumlisha. Mwandaaji hasahihishi kimyakimya, bali humuuliza mhusika, kwani huenda kilichokosewa ni uwezekano au athari. Mhusika akithibitisha 12, choo kinapanda juu ya makusanyo.

Hatua inayofuata ni kunakili wahusika. Mwenye kihatarishi ndiye anayewajibika kwa matokeo. Mtekelezaji ndiye anayefanya kazi. Kwa dawa, anayewajibika ni Mganga Mkuu wa Wilaya, na anayeandaa maombi ya dawa ni Mfamasia wa Wilaya. Wote wawili waandikwe kwa vyeo, pamoja na tarehe ya mwisho. Kwa choo, rejista inasema "Idara ya Elimu" tu. Idara nzima haiwezi kusimama mbele ya kamati na kujibu, hivyo cheo kitafutwe, na kisipopatikana, muhtasari useme wazi: "mhusika hajateuliwa." Pengo hilo lisijazwe kwa kubahatisha.

Muhtasari uliokamilika utasomeka hivi:

1. Dawa kuisha zahanati: 15. Anayewajibika: Mganga Mkuu wa Wilaya. Mtekelezaji: Mfamasia wa Wilaya. Mwisho: 30 Septemba.
2. Choo cha shule kutitia: 12 (rejista ilisema 7; imethibitishwa). Mhusika hajateuliwa. Tarehe haijapangwa.

Mstari wa pili una mapengo mawili, na kamati inaweza kuyaziba siku hiyohiyo kwa kutaja cheo na tarehe.