Kazi Iko Asilimia 90 Tangu Lini?

Mdogo wangu wa mradi wa utafiti, barua yako nimeisoma. Unasema bosi amekuja juu kwa sababu hii ni Ijumaa ya tatu unajaza 90 kwenye kisanduku cha asilimia, na unaniuliza uandike ngapi ili akuache upumue. Mpenzi, namba yoyote utakayoandika humo itakuletea kesi ileile.

Hebu tuone hiyo 90 ilitoka wapi. Madodoso yako ni 300, umeshaingiza 270 kwenye kompyuta. Ukigawa unapata asilimia 90, na hesabu haina kosa. Lakini hiyo ni asilimia ya kuingiza data tu. Kwenye mfumo wenu kazi inaitwa “Utafiti wa kaya”, kwa hiyo bosi akisoma 90 anajua ripoti inakaribia kufika mezani kwake, wakati wewe data hujaisafisha na ripoti hujaianza. Mwenzako angehesabu siku: tumepewa 20, zimepita 15, basi tuko 75. Mwingine angekisia kwa jinsi alivyochoka. Kisanduku kinapokea majibu yote matatu bila kuuliza ni asilimia ya nini.

Hata programu zenyewe zina maana zake. Kwenye Microsoft Project, safu ya `% Complete` hupima muda wa kazi uliokwisha tumika. Ukijaza 50 kwenye kazi ya siku 10, programu inaelewa siku 5 zimepita, hata kama mkononi huna kitu. Ndiyo maana ipo safu nyingine, `Physical % Complete`, ambayo unaijaza mwenyewe kwa kuangalia kazi iliyotoka.

Sasa, kwa nini umekwama? Kwa sababu ulianza na madodoso mepesi, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Yale 30 yaliyobaki ni yenye mwandiko usiosomeka na majibu yanayopingana, na moja linaweza kukulia muda wa kumi ya mwanzo. Halafu unaniambia umegundua madodoso 40 hayana umri wa mkuu wa kaya, lazima mtu arudi mtaani. Hapo kazi imeongezeka, kwa hiyo asilimia ilipaswa kushuka. Nani ana ubavu wa kuandika 70 baada ya 90? Unaiacha palepale, na habari muhimu kuliko zote za wiki hiyo bosi haipati.

Fanya hivi. Ivunje kazi iwe vipande ambavyo mtu mwingine anaweza kuvikagua: kukusanya, kuingiza, kurudia yenye kasoro, kusafisha, kuandika rasimu. Kila kipande kina hali mbili tu, kimekwisha au bado. Penye vitu vya kuhesabika, andika hesabu yenyewe badala ya asilimia, maana “270 kati ya 300” inaonyesha unahesabu nini, na jumla ikibadilika kila mtu anaona. Mwisho taja siku unazodhani zimebaki, na uzikadirie upya kila wiki. Usichukue makadirio ya zamani ukatoa siku zilizopita.

Ijumaa ijayo mpelekee hivi:

“Kukusanya: kumekwisha. Kuingiza: 270 kati ya 300. Kurudia yenye kasoro: 0 kati ya 40, nasubiri nauli ya wahojaji. Kusafisha na rasimu: bado. Zimebaki siku 9, wiki jana nilisema 5, zimeongezeka kwa sababu ya hayo 40.”

Bosi akisoma hapo anajua la kufanya: atoe nauli. Ile 90 isingemwambia hivyo hata siku moja.

Na kama mfumo haukubali kuhifadhi bila asilimia? Kaeni naye kabla kazi haijaanza, mpatane uzito wa kila kipande: kukusanya 30, kuingiza 20, kusafisha 25, rasimu 25. Alama za kipande zinaingia kikikamilika tu. Kwa kipimo hicho leo ungeandika 30. Najua inauma, lakini inaweza kutetewa mbele ya yeyote. Kipande kikiwa kirefu, wapo wanaotoa nusu ya alama kikianza na nusu kikiisha. Mimi njia hiyo naikubali kwa kipande cha siku chache; kwa cha mwezi mzima, watu wataanzisha kila kitu ili wavune nusu.

Usivunje mno, lakini. Kipande cha nusu saa kitakulia muda mrefu zaidi kukiandika kuliko kukifanya. Siku moja hadi tatu inatosha. Na kazi ambayo bado hujui vipande vyake, mfano kutafuta kwa nini takwimu za mitaa miwili hazilingani, usiipe asilimia wala hesabu. Iwekee muda, tuseme siku mbili, zikiisha useme umegundua nini na kama kuna haja ya kuendelea.