Dola Ikipanda, Bei Mpanda Hupanda Kiasi Gani?

Dukani husikika neno hili: "Bei imepanda kwa sababu dola imepanda." Wengine hunyamaza na kulipa. Wengine hubisha kwamba huku Mpanda hakuna anayenunua kwa dola. Wote wawili wana ukweli kidogo. Leo tutapiga hesabu, tuone dola inaingiaje katika bei zetu, na inaishia wapi.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ya Marekani ilinunuliwa kwa shilingi 2,300 hivi. Mwisho wa mwaka huo ilifika karibu shilingi 2,500. Yaani kitu cha dola moja kilichotaka shilingi 2,300 sasa kilitaka shilingi 200 zaidi. Hilo ni ongezeko la karibu 9 kwa kila 100. Basi je, bei zote zilipanda 9 kwa kila 100? Hapana. Tuanze na dizeli, kwa sababu karibu kila kitu kinachofika Mpanda kutoka mbali hubebwa nayo.

Dizeli yote nchini hutoka nje na hulipiwa kwa dola. Lakini bei ya lita pale kituoni ina mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la dola: mafuta yenyewe, meli na bima mpaka bandarini. Fungu la pili ni la shilingi: kodi na tozo za serikali, ambazo nyingi ni kiasi maalumu kwa kila lita, faida ya wenye kampuni na kituo, na nauli ya kuyaleta huku. Dola ikipanda, fungu la kwanza hupanda. La pili hubaki karibu vile vile.

Tuchukue namba rahisi za kujifunzia. Tuseme fungu la dola ni senti 70 za dola kwa lita, na fungu la shilingi ni sh. 1,400.

Dola ikiwa 2,300, senti 70 ni sh. 1,610. Ongeza 1,400, unapata sh. 3,010.
Dola ikiwa 2,500, senti 70 ni sh. 1,750. Ongeza 1,400, unapata sh. 3,150.

Lita imepanda sh. 140. Dola ilipanda 9 kwa kila 100, dizeli haikufika hata 5 kwa kila 100. Tena haipandi siku ile ile. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Mpanda imo katika orodha hiyo. Bei hiyo hufuata mafuta yaliyokwisha kununuliwa na kufika. Kwa hiyo dola ya leo huonekana kituoni baada ya mwezi mmoja au miwili.

Sasa tupande lori. Lori la tani 30 kutoka Dar es Salaam hadi Mpanda, kwenda na kurudi, tuseme linakunywa lita 1,200. Lita 1,200 mara sh. 140 ni sh. 168,000. Limebeba mifuko 600 ya unga wa ngano ya kilo 50. Gawanya: kila mfuko unaongezewa sh. 280 za dizeli. Si nyingi, sivyo?

Lakini unga wa ngano una jambo lingine. Ngano nyingi tunayokula nchini hutoka nje. Tuseme ngano iliyomo katika mfuko ule iligharimu dola 20. Kwa dola ya 2,300 ni sh. 46,000, kwa dola ya 2,500 ni sh. 50,000. Hapo zimeongezeka sh. 4,000. Jumlisha na zile 280 za lori. Mfuko uliouzwa sh. 75,000 unakuwa sh. 79,280, kama 6 kwa kila 100.

Mama anayepika maandazi hupata kama maandazi 1,000 katika mfuko huo. Kila andazi limeongezewa sh. 4 na kitu. Nani atauza andazi kwa sh. 204? Hakuna chenji ya hivyo. Basi bei inabaki 200, na andazi linakonda. Mtu anayeandika bei tu katika daftari ataona hakuna kilichobadilika, lakini mlaji anajua tumbo lake. Mara nyingine mama huvumilia kwa miezi, kisha anaruka mpaka 250. Siku hiyo atalaumiwa sana, ingawa alikuwa akibeba mzigo huo muda mrefu.

Mwenye duka naye hupandisha bei ya shehena aliyoinunua zamani. Je, ni wizi? Si lazima. Akiuza kwa bei ya zamani, fedha atakayopata haitajaza rafu tena. Yeye huangalia bei ya mzigo unaokuja. Jambo hilo lilionekana wazi mwaka 1986. Mwanzoni mwa mwaka ule dola ya serikali ilikuwa shilingi 17 hivi. Katikati ya mwaka ikafanywa shilingi 40. Ungedhani bei zingeruka zaidi ya mara mbili. Hazikuruka hivyo. Ziliendelea kupanda kama 30 kwa kila 100 kwa mwaka, kama zilivyokuwa zikipanda kabla. Kwa nini? Wazee wetu wanakumbuka: sabuni na khanga za bei ya serikali zilikuwa adimu, na bidhaa nyingi zilikwisha kuuzwa kwa bei ya ulanguzi. Bei hiyo ilikwisha kufuata dola ya magendo, ambayo ilikuwa ghali kuliko hata hiyo 40. Kinachopandisha bei ni dola aliyoinunua mwenye mzigo, si ile iliyoandikwa ukutani.

Turudi mwaka 2023. Dola ilipanda, lakini mfumuko wa bei nchini ulishuka, kutoka 4.9 kwa kila 100 mwezi Januari hadi 3.0 mwezi Desemba. Usishangae. Mafuta, mbolea na ngano vilikuwa vimepanda mno duniani mwaka 2022, na mwaka uliofuata vikashuka kwa bei ya dola. Urea na DAP, serikali ilikuwa imetoa ruzuku mfuko ufike sh. 70,000, hivyo mkulima hakuiona dola yote. Na mahindi, mchele na maharage yetu hayanunuliwi kwa dola. Hayo bei yake hufuata mvua zaidi.

Dola ikishuka je? Mwishoni mwa mwaka 2024 ilishuka kutoka karibu 2,700 hadi karibu 2,400 kwa wiki chache. Madukani bei hazikukimbia kushuka. Wenye maduka walikuwa na mzigo wa dola ghali, tena hawakuamini kwamba unafuu utadumu. Kweli, mwaka 2025 ulipoanza dola ikapanda tena. Lakini pale penye wauzaji wengi wa kitu kimoja, bei hushuka upesi. Penye duka moja kijiji kizima, hukaa juu.

Wakulima wa tumbaku wao wako upande wa pili wa mizani. Bei ya tumbaku hupangwa kwa dola, hivyo dola ikipanda kilo huleta shilingi nyingi zaidi. Ila watazame deni la pembejeo: likihesabiwa kwa dola, nalo hupanda.

Zoezi. Chumvi ya Uvinza huzalishwa hapa hapa nchini. Lori linaleta Mpanda mifuko 600, na kwa kwenda na kurudi linatumia lita 200. Dizeli imepanda sh. 140 kwa lita. Muuzaji ameongeza sh. 1,000 kwa mfuko na kusema ni dola. Dola imo kiasi gani?

Jibu. 200 mara 140 ni sh. 28,000. Gawanya kwa 600, unapata sh. 47 hivi. Zile sh. 953 zilizobaki, aulizwe mwenyewe.