Jinsi ya Kuiandikia Benki Barua Ikome Kulipa Apu Usiyoitumia

Meseji ya benki inaingia: Ksh 1,337 imekatwa kwenye kadi yako. Unaangalia jina la aliyelipwa na unakumbuka: ni ile apu ya kurembesha picha uliyoijaribu bure siku saba. Lakini si uliifuta mwezi wa tatu? Ndiyo, uliifuta kwenye simu. Malipo hukuyafuta.

Leo tunaangalia barua inayoyamaliza malipo hayo kwa upande wa benki, na kwa nini kila sentensi yake iko pale ilipo.

Kwanza, pesa inakatwaje?

Ulipoandika nambari ya kadi ili upate siku za bure, uliipa kampuni ya apu idhini ya kukukata kila mwezi. Kampuni ndiyo inayoituma amri ya malipo, na benki inaitekeleza. Kufuta apu hakugusi idhini hiyo, na kubadilisha nambari ya siri ya kadi pia hakusaidii.

Wengine huacha akaunti bila pesa. Hapo malipo hukataliwa siku hiyo, lakini kampuni inaweza kujaribu tena baada ya siku chache, na mshahara ukiwa umeingia, pesa inaenda. Wengine huomba kadi mpya. Hata hiyo si dawa ya uhakika, kwa sababu Visa na Mastercard zina huduma za kuwapasha wauzaji nambari mpya ya kadi kupitia benki, ili malipo ya kila mwezi yasikatike. Ndiyo maana ni lazima useme wazi kwamba idhini umeiondoa.

Anza na kampuni, kisha benki

Kabla ya kuandika barua, ghairi malipo kwa kampuni yenyewe, ndani ya apu au kwa baruapepe, na uhifadhi jibu lao au picha ya skrini yenye tarehe. Tarehe hiyo ina uzito. Pesa iliyokatwa baada yake unaweza kuidai. Iliyokatwa kabla yake ni vigumu kurudishiwa, hata kama hukuitumia apu, kwa sababu idhini yako ilikuwa bado hai.

Angalia pia stetimenti. Ikiwa aliyelipwa anaanza na GOOGLE * au ni APPLE.COM/BILL, ulijisajili kupitia duka la apu. Ghairi huko kwenye Google Play au kwenye mipangilio ya iPhone, sehemu ya Subscriptions. Ukiiambia benki imzuie mlipwaji huyo, huenda ukazuia na malipo mengine unayoyahitaji. Barua hii inafaa zaidi pale kampuni inapoikata kadi yako moja kwa moja.

Mfano wetu

Tuseme mwalimu mmoja wa Nakuru alianza kuijaribu apu bure tarehe 2 Februari 2025. Alikatwa tarehe 9 Februari, 9 Machi na 9 Aprili. Tarehe 14 Aprili aliiandikia kampuni kughairi, nayo ikamjibu kwamba imepokea. Tarehe 9 Mei akakatwa tena. Barua yake ni hii. Jina la kampuni tumelibuni.

> Sanduku la Posta ______, Nakuru
> 12 Mei 2025
>
> Kwa Meneja wa Tawi,
> Benki ya ______, Nakuru
>
> Kwa Bw./Bi.,
>
> KUH: KUSITISHA MALIPO YA KILA MWEZI KWA "PICHAPRO*APP", KADI INAYOISHIA NA 4417
>
> Mimi ni mwenye akaunti nambari ______. Kampuni inayoonekana kwenye stetimenti yangu kama PICHAPRO*APP hukata dola 9.99 kwenye kadi yangu tarehe 9 ya kila mwezi.
>
> Niliighairi huduma hiyo tarehe 14 Aprili 2025, na kampuni ikakiri kwa baruapepe siku hiyo hiyo. Kuanzia leo naondoa idhini yangu kwa malipo yoyote kwa kampuni hii, ya kiasi chochote, kwa kadi hii au kadi itakayochukua nafasi yake. Naomba myazuie kabla ya tarehe 9 Juni 2025.
>
> Pia napinga malipo ya tarehe 9 Mei 2025, Ksh 1,337, yaliyokatwa baada ya kughairi. Naomba mnifungulie dai la kurudishiwa.
>
> Nimeambatisha baruapepe ya kughairi, jibu la kampuni na stetimenti ya Februari hadi Mei. Naomba mnijibu kwa maandishi pamoja na nambari ya kumbukumbu.
>
> Wako mwaminifu,
> (sahihi, jina, simu)

Kwa nini imeandikwa hivyo

Jina la kampuni limenakiliwa kutoka stetimenti, si kutoka kwa simu. Apu inaweza kuitwa jina moja kwenye simu na jingine kabisa benki, na mhudumu atatafuta lile la benki.

Amesema "ya kiasi chochote" kwa sababu apu hii hulipisha kwa dola. Dola ni 9.99 kila mwezi, lakini shilingi hubadilika: Machi alikatwa Ksh 1,331, Aprili 1,334, Mei 1,337. Ukiomba benki izuie Ksh 1,337 peke yake, mwezi ujao 1,340 inaweza kupita.

Halafu ona kwamba ameomba vitu viwili tofauti: kuzuia malipo yajayo, na kurudishiwa ya Mei. Benki hushughulikia haya kwa njia mbili, na ukitaja moja tu, ndilo litakalofanywa. Malipo ya Februari hadi Aprili hakuyadai, kwa kuwa yalikatwa kabla ya kughairi. Ukiyachanganya yote pamoja, dai lako la haki linadhoofika.

Kadi ameitaja kwa tarakimu nne za mwisho tu. Usiandike nambari nzima, wala zile tatu za nyuma, wala nambari ya siri. Mtu wa benki akikuuliza nambari ya siri ili "asimamishe malipo", huyo ni tapeli.

Kuipeleka na kuifuatilia

Chapa nakala mbili. Moja ibaki benki, nyingine igongwe mhuri wenye tarehe urudi nayo. Ukituma kwa baruapepe, tumia anwani uliyosajili benki. Kiswahili ni lugha rasmi kwa Katiba ya 2010, kwa hivyo usione haya kuiandika hivi. Huenda ukapewa fomu ya benki ya kupinga malipo pia. Ijaze, na barua uiambatishe.

Usikawie. Kwa dai la malipo yaliyoendelea baada ya kughairi, kanuni za Visa huipa benki siku 120, na benki yako inaweza kukuwekea muda mfupi zaidi.

Tarehe 9 Juni ikifika, angalia meseji na stetimenti. Ukikatwa tena, rudi na ile nakala yenye mhuri: sasa huulizi tena, unaonyesha kwamba benki ilijulishwa mapema. Benki isipokusikiza, peleka malalamiko Benki Kuu ya Kenya ukiwa na nakala hiyo.

Jambo la mwisho: benki inaweza kufunga njia ya pesa, lakini haiwezi kuvunja mkataba wako na kampuni. Ukiruka hatua ya kughairi, kampuni inaweza kuendelea kukuandikia deni. Kwa hivyo fungua stetimenti yako ya miezi mitatu leo, tafuta jina linalojirudia tarehe ile ile, na uanze na kampuni hiyo.